Rangi kwanza, tarehe baadaye: kwa mnaoanza kazi ya michoro ya miambani

Nimemaliza kusoma mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa mwaka huu, na karibu kila moja lina sentensi hii: "Sampuli ya rangi nyekundu itachukuliwa ukutani na kupelekwa maabara ili kupimwa umri kwa kaboni-14." Wadogo zangu, sentensi hii niliikuta tangu naanza kazi. Walioiandika kabla yenu sasa ni wahadhiri, na wengine bado wanaiandika. Nawapenda, ndiyo maana nagomba.

1. Ulizeni rangi ni kitu gani kabla hamjauliza ina miaka mingapi.

Nyekundu ya ukutani kwa kawaida ni ngeu, yaani oksidi ya chuma. Haina kaboni. Mtakwangua mchoro, mtauharibu, mtalipa maabara, na jibu halitakuja. Ngeu ya njano pia ni chuma, ila imebeba maji ndani yake. Ikikaa motoni kwenye nyuzi 250 hadi 300 hivi inapoteza maji hayo na kugeuka nyekundu. Kwa hiyo msiandike kwamba mchoraji alichimba udongo mwekundu. Huenda alichimba wa njano akauoka.

Nyeusi ndiyo inayowaponza zaidi. Mkiona mstari mweusi mnaandika "makaa". Kwenye pango la Lascaux, Ufaransa, weusi wa wale ng'ombe na farasi wakubwa ni madini ya manganizi, nayo hayana kaboni ya kupima. Chauvet, nchini humo humo, weusi ni makaa ya msonobari. Kwa macho hamtofautishi. Ile mashine ya eksirei ya mkononi itawaonyesha manganizi kama ipo, lakini kumbukeni kupima pia mwamba mtupu pembeni ya mchoro, maana mwamba nao una chuma chake na wakati mwingine manganizi yake.

2. Kuhusu gundi, semeni kidogo.

Hapa nina haki ya kusema, maana ndipo nilipoumia.

Nilipokuwa naandika tasnifu niliamini kwamba rangi haiwezi kukaa ukutani maelfu ya miaka bila kitu cha kuishikisha. Nikasaga ngeu. Sehemu nikaichanganya na ute wa yai, sehemu na mafuta ya mbuzi, sehemu na maziwa, nikapaka kwenye mawe bapa na kuyapanga nyuma ya nyumba ya mama mkubwa. Mama mkubwa aliuliza mara moja tu kama chuo kinatufundisha kuchezea mayai, kisha akaanza kuyaficha. Masika ikanyesha. Rangi ya mafuta ikatambaa ikawa doa. Ya maziwa ikapukutika. Ya yai ikabaki, nyekundu safi, na mimi nikaandika sura nzima kwamba wachoraji wa Kondoa walitumia yai. Sikuandika "huenda". Nikaweka na jedwali.

Siku ya utetezi mtahini wangu alifungua ukurasa ule, akavua miwani, akauliza: "Kuku wa nani?" Nikasema mayai yangeweza kuwa ya mbuni. Akauliza kama nilipaka yai la mbuni. Nikasema hapana, la kuku. Akauliza lile jiwe lililopakwa ngeu na maji matupu liko wapi, ili alinganishe. Halikuwepo. Sikuwa nimefikiria kulitengeneza, kwa sababu tayari nilikuwa "najua" kwamba maji hayatoshi. Kisha akauliza, kwa upole ulioniuma kuliko ukali, kwa nini nilianika mawe kwenye mvua wakati michoro ninayoizungumzia imedumu kwa sababu ipo chini ya miamba inayoizuia mvua.

Nikarudi nyumbani nikasaga upya, safari hii laini kama poda, nikachanganya na maji tu, nikapaka jiwe na kuliweka barazani chini ya paa. Ilishika. Ukisugua kwa kidole inabaki, kwa kuwa chembe zikiwa ndogo sana huingia kwenye vitundu vya mwamba. Ndani ya mapango ya mawe ya chokaa mambo ni mazuri zaidi kwa mchoraji: maji ya pangoni yamebeba chokaa iliyoyeyuka, yakikauka chokaa inaganda na kuifunga rangi. Sura yangu ya yai niliifuta yote.

Simaanishi hawakutumia gundi. Pango la Blombos, Afrika Kusini, lilitoa makombe mawili makubwa ya konokono wa baharini yenye mabaki ya mchanganyiko wa ngeu, makaa na mfupa uliopondwa, ambao ungeweza kutoa mafuta ya uboho. Yana miaka kama 100,000. Pango la Sibudu, nchini humo humo, lina kipande cha jiwe cha miaka 49,000 chenye ngeu iliyochanganywa na maziwa. Lakini tazameni vitu hivyo vilipatikana wapi: kwenye makombe na kwenye jiwe, si kwenye mchoro ukutani. Ngeu na mafuta hupakwa mwilini pia, na kwenye ngozi za wanyama. Wamaasai wanajua hilo bila kusoma ripoti yoyote. Ukutani, gundi ya mnyama au mmea mara nyingi huliwa na vijidudu hadi isibaki ya kutambulika.

Hata mkipata mabaki ya mmea au mnyama kwenye sampuli, ulizeni yalifikaje. Pale Mungomi wa Kolo, huko Kondoa, watu bado wanatambika, na pombe hurushwa kwenye mwamba wenye michoro. Mwanafunzi akipeleka sampuli ya pale maabara bila kuwauliza wazee, anaweza kutangaza ugunduzi wa gundi ya kale ambayo ilipikwa wiki iliyopita.

3. Makaa yana kaboni, lakini makaa si mchoro.

Kaboni-14 inapima lini mti ulikufa. Mtu anaweza kuokota kaa la kale sakafuni na kuchora nalo leo, na maabara itamwamini. Ndiyo sababu Chauvet ni somo zuri. Lilipogunduliwa Desemba 1994 na tarehe za kwanza zikaonyesha miaka zaidi ya 30,000, wapo waliokataa kwa hoja kwamba michoro mizuri kiasi kile haiwezi kuwa ya kale kiasi kile. Jibu halikuja kwa kurudia sampuli moja. Walipima michoro, wakapima makaa ya sakafuni, wakapima mifupa ya dubu wa pangoni, na wengine wakapima umri wa kovu la jabali lililoporomoka na kuziba mlango, ambalo lilionyesha kwamba pango lilifungwa kabisa kama miaka 21,500 iliyopita. Mwaka 2016 tarehe zaidi ya 250 ziliunganishwa: watu waliingia kati ya miaka 37,000 na 33,500 iliyopita, kisha tena kati ya 31,000 na 28,000. Hakuna aliyeweza kuingia kuchora baada ya mlango kufungwa, hivyo hoja ya mtindo ilibaki pweke.

Usafi wa sampuli ndio roho ya kazi. Nusu ya kaboni-14 hupotea kila miaka 5,730, kwa hiyo kaa la miaka 36,000 limebaki na takriban asilimia 1.3 ya ile liliyoanza nayo. Kaboni ya kisasa ikiingia asilimia 1 tu, kwa mizizi, kwa vidole vyenu au kwa moshi wa taa ya mgeni, jumla inakaribia asilimia 2.3, na mashine itasoma kama miaka 31,000. Miaka 5,000 imepotea kwa uchafu usioonekana. Ndiyo maana kaa huoshwa kwa asidi kuondoa chokaa, kisha kwa alikali kuondoa tindikali za udongo, kisha kwa asidi tena. Baadhi yenu mnaruka hatua ya alikali kwa kuwa inakula sampuli. Ikiliwa yote, basi hamkuwa na sampuli.

4. Utando juu ya mchoro hautoi umri wa mchoro.

Pasipo na makaa tunaangalia kalsiti, ule utando wa chokaa unaoota juu ya rangi. Urani huyeyuka majini, thori karibu haiyeyuki kabisa, hivyo kalsiti changa ina urani bila thori. Urani-234 ikioza polepole huzaa thori-230, nasi tunapima uwiano wao. Utando ulio juu ya rangi unasema mchoro hauwezi kuwa mdogo kuliko hapo, basi. Duara jekundu la pango la El Castillo, Hispania, ni la miaka 40,800 au zaidi. Mchoro wa nguruwe na watu wa Leang Karampuang, kisiwani Sulawesi, Indonesia, ni wa miaka 51,200 au zaidi. Yale maneno "au zaidi" mkiyakata mnaandika uongo.

Kuna mitego miwili, na yote hupeleka umri juu. Vumbi huleta thori yake kutoka nje. Mtalijua kwa thori-232, ambayo haizaliwi na urani hiyo, ikiwa nyingi kuweni na shaka. Maji yakipita baadaye huosha urani na kuacha thori. Ili kulikamata hilo, chukueni utando tabaka kwa tabaka kutoka nje kuelekea kwenye rangi: umri lazima uongezeke kadiri mnavyoingia. Ukirukaruka, utando ulifunguka na maji yakapita, tupeni. Ubishi kuhusu pango la La Pasiega, Hispania, ambako tarehe ya zaidi ya miaka 64,000 ilitangazwa mwaka 2018 na kumpa Neanderthali, yule binadamu wa kale, brashi mkononi, sehemu kubwa umekaa hapo: je, utando ule ulibaki umefungwa, na je, kweli upo juu ya rangi?

5. Mengine kwa haraka.

Msimwagie mchoro maji ili picha itoke vizuri; tumieni DStretch, programu ya kukoleza rangi zilizofifia pichani, chaneli ya LRE kwa nyekundu, na msiamini umbo ambalo macho hayalioni hata kidogo bila hiyo programu. Msiandike "brashi" kila mahali: vidole, viganja, vijiti vilivyotafunwa na kupuliza rangi kwa mdomo vyote vinaacha alama tofauti, na mwanaakiolojia Michel Lorblanchet alirudia kuchora farasi wa madoa wa pango la Pech Merle, Ufaransa, kwa kutema rangi. Kingo zenye ukungu wa vinukta ni za kupuliza. Mstari mwembamba wenye unene usiobadilika, kama ile ya Kondoa, unaashiria kitu chenye ncha laini kilichobeba rangi nyingi.

Na Kondoa yenyewe, kwa kuwa mtaulizwa na kila mgeni. Miamba yetu si ya chokaa, kalsiti ya kupima ni shida, na nyekundu yetu ni chuma. Kisese II, mwamba wa Kondoa wenye michoro alikochimba mwanaakiolojia Ray Inskeep mwaka 1956, tabaka zina ngeu, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni za pale zimefika miaka zaidi ya 40,000. Hiyo ni tarehe ya shanga na ya watu waliokaa pale. Tandala aliyechorwa juu yao ukutani anaweza kuwa wa siku hizo au wa baadaye sana. Mgeni akiuliza, mwambieni hivyo hivyo, kisha mwonyesheni mahali ambapo nyeupe imepakwa juu ya nyekundu, kwa sababu huo mfuatano tunauona kwa macho na haudai maabara.