Ncha ya bimu inayotokeza: kwa nini egemeo la B linageuka bawaba

*"Assalaam alaykum waungwana. Nina bimu ya chuma, A ni pini, mita 4 mbele B ni rola, halafu inatokeza mita 2 mpaka C. Mzigo wa 6 kN uko nchani C, EI ni 4000 kNm². Nimeichukua BC kama kantiliva nikapata mshuko wa 4 mm, kitabu kinasema 12 mm. Nikijaribu kwa bimu mwenza nakwama, sijui pale B niweke nini."*

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Hizo 4 mm nazijua vizuri. Kazi yangu ya kwanza Wete ilikuwa roshani ya ghorofa, chuma kimetoka chumbani kikapita juu ya ukuta wa nje, nami nikapiga hesabu ya kipande cha nje tu kana kwamba ukuta umekishika kisizunguke. Ukuta ulikuwa umekibeba, haukukishika. Watu walipoanza kukaa pale, ufa wa kwanza haukutokea nje. Ulitokea ndani ya chumba, kwenye vigae vya katikati, mahali ambapo hesabu yangu ilisema hakuna kinachotikisika.

Rola ya B inazuia jambo moja tu, bimu isishuke. Kuzunguka haiizuii. C ikivutwa chini, bimu nzima inapinduka juu ya B, na kipande cha AB kinabenuka kwenda juu. Wewe umehesabu kupinda kwa BC peke yake, ukaacha kule kupinduka. Bimu mwenza inakupa vyote viwili kwa mkupuo mmoja, ila uiwekee maegemeo yanayostahiki.

Wazo lenyewe ni hili. Unachora bimu nyingine yenye urefu uleule, unaibebesha mchoro wa M/EI, yaani momenti ya bimu ya kweli gawanya kwa ugumu wake wa kupinda, kuwa ndio mzigo wake. Nguvu ya mkato utakayoipata humo ni mwinamo wa bimu ya kweli, na momenti utakayoipata ni mshuko wake. Kwa hiyo usikariri jedwali la maegemeo. Jiulize kila mahali, bimu ya kweli inafanya nini hapa?

Pale A haishuki lakini inainama, basi bimu mwenza iwe na nguvu ya mkato bila momenti, nalo ni egemeo la kawaida la mwisho. Pale C, ncha huru, inashuka na inainama, basi bimu mwenza iwe na vyote viwili, yaani imechimbiwa ukutani. Na pale B haishuki, kwa hiyo momenti ni sifuri, lakini mwinamo upo, na mwinamo wa kushoto kidogo kwa B ni uleule wa kulia kidogo, kwa sababu chuma hakijakatika. Kitu chenye momenti sifuri na kinachopitisha nguvu ya mkato bila kuiruka ni bawaba. Ukiweka egemeo la kawaida pale B, mjibizo wake utaifanya nguvu ya mkato iruke ghafla, maana yake umechora bimu iliyovunjika juu ya ukuta.

Sasa mzigo. Momenti ya kweli pale B ni 6 × 2 = 12 kNm, na inaibenua bimu juu, kwa hiyo ni hasi. Inaanza sifuri A, inafika 12 pale B, inarudi sifuri C. Pembetatu mbili, zote zinaikandamiza bimu mwenza kwenda chini. EI iache chini ya mstari mpaka mwisho, usigawanye mapema.

Anza na AB, maana bawaba inaiacha isimame peke yake kama bimu ya kawaida. Eneo la pembetatu ni ½ × 4 × 12 = 24, na kitovu chake kiko theluthi mbili ya njia kutoka A, karibu na B. Kwa hiyo A inabeba theluthi moja, 8, na bawaba inabeba theluthi mbili, 16. Hapo tayari una jibu: mwinamo wa A ni 8/EI kwenda juu, na wa B ni 16/EI kwenda chini.

Hiyo 16 bawaba inaishusha juu ya kipande cha BC, ambacho kimechimbiwa pale C. BC ina pembetatu yake pia, eneo ½ × 2 × 12 = 12, kitovu chake kiko mita 4/3 kutoka C. Basi:

```
mwinamo C = (16 + 12)/EI         = 28/EI = 0.007 rad
mshuko C  = (16×2 + 12×4/3)/EI   = 48/EI = 0.012 m
```

Itazame ile 48. Sehemu ya 12 × 4/3 ni 16, nayo ndiyo 4 mm zako. Sehemu ya 16 × 2 ni 32, yaani 8 mm, nayo ndiyo kule kupinduka juu ya B. Theluthi mbili ya mshuko wote ilikuwa imekupotea. Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiweka bawaba sawasawa: wanachukua pembetatu ya BC wanasahau nguvu inayopitia bawaba.

Na kosa hili si dogo kazini. BS 5950, kanuni ya Kiingereza ya majengo ya chuma ambayo wengi wetu tumesomea, iliweka ukomo wa mshuko wa kantiliva kutokana na mzigo wa matumizi kuwa urefu gawanya kwa 180. Mita 2 zinakupa 11 mm na kidogo. Jibu la 4 linapita bila wasiwasi, jibu la 12 linakataliwa.

Ukitaka kujihakiki, tafuta momenti ya bimu mwenza mahali ndani ya AB. Nguvu ya mkato inakuwa sifuri mita 2.31 kutoka A, na momenti hapo ni takriban 12.3/EI, kwenda juu. Hizo ni 3 mm za kubenuka katikati ya chumba. Ndiko vigae vyangu vya Wete vilikopasuka. Tulipopima ncha kwa mpira wa maji ikaonekana imeshuka karibu mara tatu ya nilichokiandika, na dawa ikawa mikono miwili ya chuma ya mshazari kutoka ukutani kwenda nchani.

Jambo moja la kuongeza, kwa kuwa mtihani hupenda kuliuliza. Ukiweka 8 kN katikati ya AB, momenti yake ni 8 kNm, chanya, na mchoro wake unaisukuma bimu mwenza kwenda juu. Eneo ni ½ × 4 × 8 = 16, limegawika sawa, 8 kila upande. Bawaba inapitisha 8/EI kwenda juu, na BC haina pembetatu ya ziada, kwa hiyo C inainuka 8 × 2 = 16/EI, yaani 4 mm. Ukijumlisha na mzigo wa nchani, mshuko unabaki 8 mm na bimu inaonekana iko salama. Lakini watu wa chumbani wanatoka, wanakwenda roshani kupunga upepo, na chumba kinabaki kitupu. Mzigo wa matumizi wa ndani usiuhesabu kama msaada wa ncha. Piga hesabu ya C ukiwa na mzigo wa nje peke yake, halafu ya katikati ya AB ukiwa na wa ndani peke yake.