Uyoga unatoa maji kwenye kikaango

"Nakaanga uyoga wa mamama, unajaa maji kisha unakuwa kama mpira. Nakosea wapi?"

Salaam dada. Anza kuangalia wingi wa uyoga kwenye kikaango, maana karibu asilimia 90 ya uyoga ni maji. Ukiujaza wote, mvuke unakosa pa kutokea na uyoga unachemka. Maji yakiwepo, joto halivuki nyuzi 100 (hapa Dodoma tuko juu, hata hazifiki), na rangi ya kahawia inahitaji kama 140. Ule umpira ni uyoga ulioepuliwa katikati ya safari, maji yakiwa bado ndani. Wengi huogopa kwamba utakauka, wakazima moto mapema. Uyoga si nyama, haukakamai kirahisi kwa kuzidishiwa dakika.

Mimi nikinunua robo kilo pale Majengo, naichana vipande vipana na kuikaanga kwa mafungu mawili. Kikaango kipate moto kwanza, bila mafuta. Natandaza safu moja, moto mkali, sigusi. Maji yatatoka, acha yakauke yote. Sikiliza: mchemko ukiisha na sauti ikawa ya kukwaruza, weka kijiko kimoja cha mafuta, geuza, acha dakika tatu hivi kila upande. Chumvi mwishoni, kwa sababu inavuta maji. Kitunguu nacho kisubiri, kina maji yake.

Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yawe mekundu kabisa. Sufuria nyembamba huunguza katikati, hivyo izungushe.