Dashibodi ya agroveti: yote kijani, lakini sijui inasema nini

Swali: "Wakuu, niko Nakuru, kwenye kampuni ya agroveti yenye matawi matatu. Bosi amenipa dashibodi niikague kabla ya kikao cha wakurugenzi. Ina wateja waliosajiliwa, wateja hai na mauzo ya mwezi, na yote ni kijani. Nianzie wapi?"

Nimewahi kukagua dashibodi ya biashara kama hiyo, yenye maduka upande wa Njoro na Molo, na namba zilikuwa karibu hizo hizo.

Anza na wateja waliosajiliwa, maana hiyo haitakuchelewesha. Jiulize: namba hii inaweza kushuka? Mkulima akishajisajili hafutwi, hata akihamia Eldoret au akiacha kulima, kwa hiyo mstari utapanda tu hata duka likiwa linakufa. Weka badala yake waliojisajili mwezi fulani, na wangapi kati yao walinunua kitu ndani ya siku 30. Hiyo hushuka, na ikishuka una pa kwenda kuuliza.

Kazi kubwa iko kwenye wateja hai. Muulize aliyetengeneza dashibodi, mtu wa masoko na mhasibu, kila mmoja peke yake, mteja hai ni nani. Kwetu wa kwanza alisema ni aliyefungua programu ya simu mwezi huu. Wa pili, aliyepokea ujumbe wetu wa ofa (yaani hata aliyeufuta bila kuusoma!). Mhasibu akasema ni aliyelipa. Dashibodi ilionyesha kama 3,100. Tulipohesabu walionunua angalau mara moja ndani ya siku 180, wakabaki kama 1,200.

Mbona siku 180 na si 30? Mkulima wa mahindi hununua mbegu na DAP wakati wa kupanda, anarudi kuchukua CAN ya kukuzia, kisha kimya mpaka mavuno. Ukimpima kwa siku 30, Agosti utamwita aliyepotea wakati hana shida yoyote na wewe. Mfugaji wa kuku ni kinyume: analisha kila siku, na akipita mwezi bila kununua chakula kwako, jua anakinunua kwingine. Kwa hiyo tuliweka viashiria viwili, cha wakulima na cha wafugaji, na chini ya kila kimoja sentensi inayosema nani anahesabiwa na kwa muda gani.

Angalia pia kama mtu mmoja hahesabiwi mara mbili. Namba ya simu huandikwa 0712…, 254712… au +254712… kutegemea nani yuko kaunta, na mfumo unaona watu watatu. Kama namba zimehifadhiwa kama maandishi yasiyo na nafasi katikati, tarakimu tisa za mwisho zinatosha (hii ni ya PostgreSQL):

```sql
SELECT COUNT(DISTINCT RIGHT(simu, 9))
FROM mauzo
WHERE tarehe >= CURRENT_DATE - 180;
```

Wanaolipa taslimu bila kuacha namba hawataonekana hapo. Liandike hilo kando ya namba, usilifiche.

Sasa mauzo. Kadi ya Machi ikikuambia yamepanda kuliko Februari, imekuambia tu kwamba watu wanajiandaa kupanda. Linganisha na msimu kama huo mwaka jana, tawi kwa tawi. Hata hapo kuna mtego: mvua haianzi tarehe moja kila mwaka. Ikichelewa wiki tatu, Machi itaonekana mbaya na Aprili itaonekana ya ajabu. Sisi tulihesabu wiki tangu mbegu zianze kutoka kwa wingi kwenye kila tawi, kisha tukaweka wiki ya nne ya mwaka huu kando ya wiki ya nne ya mwaka jana.

Na usiwe na shilingi peke yake. Tuseme mwaka jana mliuza mifuko 400 ya mbolea kwa 6,000, ikawa 2,400,000. Mwaka huu mmeuza mifuko 360 kwa 7,000, ikawa 2,520,000. Kadi itakuwa kijani kwa asilimia 5, ilhali mifuko imepungua kwa asilimia 10. Bei ikishuka, picha inageuka: mauzo yatakuwa mekundu na wateja wako wote wapo. Mbolea bei yake hubadilishwa pia na watu ambao si wewe wala mshindani wako; mwaka 2023 serikali ilishusha mfuko wa ruzuku kutoka 3,500 hadi 2,500. Tarehe kama hiyo ichorwe kwenye grafu, la sivyo meneja wa tawi atalaumiwa kwa jambo lililoamuliwa Nairobi.

Rangi nazo, uliza nani aliweka kiwango cha kijani. Mara nyingi ni "zaidi ya sifuri".

Kuhusu bosi: kama anaipenda namba ya waliosajiliwa, usiifute kabla ya kikao. Isogeze chini kabisa, uipe maandishi madogo, na juu uweke mifuko ya msimu huu kando ya msimu uliopita. Wakurugenzi wakianza kuuliza kuhusu mifuko, atakuambia mwenyewe uiondoe ile nyingine.