Miguu Sita Haitoshi Kukuambia Ni Chawa

Wiki hii msomaji amenitumia picha ya sikio la mbwa wake. Ndani yake kuna vidude vya kijivu, vidogo kama mbegu. "Nimekuza picha nikahesabu miguu, ni sita. Kwa hiyo ni chawa, sivyo?"

Sivyo, dada. Ni kupe wachanga, na nilimjibu bila kusita. Niliwajua wakati muuza dawa mmoja alipotazama picha ya mbwa wangu kwa haraka, akasema chawa, akanipa poda na kunicheka nilipobisha. Hadi leo linaniuma, kwa sababu nilichokiona kilikuwa sahihi.

Wengi tunajua kwamba kupe ana miguu minane. Huyo ni mkubwa. Akitoka kwenye yai huwa na sita, na minane huipata baada ya kushiba na kujivua ngozi. Kwa hiyo usianze na miguu, anza na umbo. Kupe hana kichwa kilichojitenga wala vipapasio: mwili ni mfuko mmoja, mdomo umechomoza mbele, na akishiba miguu yote hubaki karibu na mdomo huku tumbo likivimba nyuma. Chawa ana kichwa kinachoonekana wazi, vipapasio vifupi na mwili mrefu uliobapa kutoka juu. Chawa mtafunaji wa mbwa ana kichwa kipana kuliko kifua. Tazama pia manyoya yenyewe: mayai ya chawa hugandishwa kwenye unywele, ukiupangusa hayatoki.

Kiroboto ni rahisi zaidi. Amebanwa ubavuni, ndiyo maana pichani karibu kila mara analala upande, rangi ya kahawia-nyekundu, miguu ya nyuma mirefu. Mara nyingi utapiga picha ya kinyesi chake tu. Weka hizo punje nyeusi kwenye karatasi nyeupe yenye maji: zikiacha doa jekundu, ni damu iliyomeng'enywa.

Nami nasisitiza, msitume picha ya ukungu. Mnase mdudu kwa selotepu, mbandike kwenye karatasi nyeupe, weka rula kando, mwanga utoke upande mmoja. Kupe aliyeshikilia ngozi mvute kwanza kwa kibano karibu kabisa na ngozi, polepole, bila kumkamua.

Na msikubali dawa kabla ya jina. Chawa huishi maisha yote juu ya mnyama, kwa hiyo mnyama ndiye anayetibiwa kwanza. Kupe wa kahawia wa mbwa hudondoka baada ya kila mlo, akajificha kwenye nyufa za banda na kuta, na mayai ya kiroboto huanguka kwenye matandiko. Ukimtibu mbwa peke yake, watarudi. Na kama nyumbani kuna paka, soma lebo: dawa ya mbwa yenye pemethrini inaweza kumuua paka.

Yule dada aliangalia nyufa za banda jioni ileile. Kupe wakubwa walikuwa humo.