Safu tupu ndiyo iliyonipa swali: kwa anayeandika tezi ya chuo kikuu juu ya wasichana wanaoacha shule

Mwaka wangu wa kwanza wa udaktari, hapa Bukavu, nilimpelekea promota wangu kurasa 12. Nilikuwa nimeandika kwa fahari kwamba wasichana kuacha shule kumechunguzwa katika komini za Kadutu na Ibanda, lakini komini ya Bagira bado. Akasoma, akavua miwani, akaniuliza: «Bagira kuna nini ambacho Kadutu hakuna?» Sikuwa na jibu.

Nakuambia hili kwa sababu naona wadogo zangu wanaingia mtego uleule. Mahali ambapo hapajafanyiwa utafiti si pengo la utafiti. Ukienda Bagira na maswali yaleyale ya Kadutu utarudi na orodha ileile, nayo unaijua kabla ya kuondoka nyumbani: umaskini, mila, mimba, vita, shule iko mbali. Pengo ni jambo ambalo tafiti zote zilizopo zingeshindwa kulijibu hata ukizirundika pamoja, kwa sababu ya namna zilivyokusanya habari.

Kuliona pengo la namna hiyo kulinichukua miezi minne na jedwali moja. Wengi wetu tulifundishwa kutengeneza jedwali la mwandishi, mwaka na matokeo. Lile halikunisaidia, maana matokeo yanafanana. Nikalifuta, nikaweka safu nyingine: nani alijibu maswali, aliulizwa lini, «kuacha shule» kulipimwaje, na tukio gani lilipewa tarehe. Nikajaza makala na memwari 40 hivi, za kwetu na za nchi jirani.

Safu ya kwanza ilijaa wazazi, walimu na maprefe. Ya pili ilijaa «baada ya kuacha», mara nyingi mwaka mmoja au miwili baadaye. Ya mwisho, ile ya tarehe, ilibaki nyeupe karibu yote. Kila mahali imeandikwa msichana aliacha kwa sababu ya mimba, na karibu hakuna anayesema mimba iliingia lini na siku ya mwisho darasani ilikuwa lini. Bila tarehe hizo mbili, neno «kwa sababu ya» ni maoni ya aliyejibu.

Kuna waliowahi kulishika jambo hili. Mwaka 2008 Cynthia Lloyd na Barbara Mensch walichapa makala kuhusu nchi 5 za Afrika zinazotumia Kifaransa, wakitumia takwimu kubwa za kitaifa za afya na uzazi. Walikuta kwamba mimba ya mwanafunzi ilieleza, kwa kawaida, kati ya asilimia 5 na 10 tu ya wasichana walioondoka shuleni. Niliposoma nilishtuka, halafu nikaogopa: je, swali langu limeshajibiwa? Hapo usikimbie. Soma tena uangalie chombo chao kinaona nini. Kongo haimo katika nchi zile, lakini hiyo pekee ingekuwa Bagira nyingine. La maana ni kwamba katika takwimu za kaya kuacha shule kunakumbukwa kwa umri au kwa mwaka, nazo hazioni wiki. Haziwezi kukuonyesha kilichotokea kati ya Novemba na Februari ndani ya mwaka mmoja wa shule. Mimi nilitaka kuona ndani ya miezi ile.

Sasa nikuonyeshe mtoto mmoja, tumwite Neema. Alikuwa darasa la 8. Kwenye fishi ya shule, mbele ya jina lake, pameandikwa neno moja: «mimba». Mwalimu wake alisema hivyo, na mama yake pia.

Nikaomba kuona daftari la mahudhurio. Novemba alikosa siku 4, Desemba siku 7, Januari alikuwa anakuja mwanzo wa juma tu. Mara ya mwisho aliitika tarehe 9 Februari 2022. Kadi ya kliniki inaonyesha mtoto alizaliwa tarehe 20 Desemba 2022. Kutoka kutungwa mimba hadi kuzaliwa ni siku kama 266. Ukirudi nyuma unafika mwisho wa Machi. Neema alikuwa ameshakaa nyumbani wiki karibu 7.

Promota angeniuliza tu, kwa hiyo nilijiuliza mwenyewe kwanza: je, kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati? Basi mimba iliingia baadaye zaidi, Aprili, na hoja inazidi kuwa na nguvu. Kama alichelewa wiki 2, tunafika katikati ya Machi, bado ni baada ya Februari. Kesi ya Neema inasimama. Lakini nilikuwa na nyingine ambayo tofauti ilikuwa siku 10 tu. Ile niliiweka kundi la «haijulikani» na nikaiacha huko, ingawa ilikuwa inanipendeza.

Kilichofungua mambo ni daftari la mhasibu. Neema alilipa nusu ya minervali ya trimesta ya kwanza, halafu hakuna risiti nyingine. Siku zake za kukosa zilifuata siku ambazo prefe alipita darasani kufukuza wenye deni. Unajua msingi wa serikali ni wa bure tangu 2019, lakini darasa la 7 na la 8 wazazi wengi hapa bado wanalipa. Kwa hiyo «mimba» kwenye fishi ilikuwa mwisho wa hadithi, ikaandikwa mahali pa mwanzo. Na tusiwalaumu sana: mimba inaonekana kwa macho, deni la Novemba limeshasahaulika.

Swali langu la kwanza lilikuwa: «Ni sababu zipi zinazofanya wasichana waache shule Bukavu?» Hilo ni gunia. La pili: «Je, umaskini unasababisha wasichana kuacha shule?» Jibu ni ndiyo, na hakuna atakayelibisha, kwa hiyo hakuna haja ya miaka minne. La tatu ndilo lililobaki: kwa wasichana wa darasa la 7 na la 8 ambao shule imewaandika kuwa waliacha kwa mimba, je, mimba ilitangulia siku ya mwisho darasani au iliifuata, na kufukuzwa kwa deni kulikuwa wapi katika mpangilio huo? Kipimo changu ni rahisi: jibu linaweza kwenda upande wowote, na kila upande ungenifanya niandike sura tofauti.

Lina mipaka. Daftari la mahudhurio halitofautishi aliyeacha na aliyehamia shule nyingine, kwa hiyo kila jina lazima ulifuate hadi nyumbani. Waliokwenda Kamituga kwenye dhahabu hutawapata kirahisi, na huenda hao ndio wenye mpangilio tofauti. Kumbukumbu za miezi zinapotea. Mimi nilitumia mitihani, Noeli na Pasaka kama vigingi, wala sikumuuliza yeyote «tarehe ngapi». Na msichana chini ya miaka 18 usimwulize haya mbele ya mzazi, hata kama mzazi ndiye aliyetia sahihi ya kukubali. Siku moja nilifanya hivyo kwa haraka, na majibu yote yakatoka kwa baba.

Nilipomrudishia promota kurasa zile, zamu hii zilikuwa 3. Hakusema ni nzuri. Aliniuliza tu kama prefe amenikubalia kupiga picha madaftari kabla panya hawajayafikia. Nilikuwa nimeshapiga mawili. La tatu lilikuwa limeanza kuliwa pembeni, upande wa Novemba.