Pima kochi kabla ya kupima ukuta

SWALI LA WIKI: “Sebule yetu ina ukuta mrefu mweupe nyuma ya kochi. Tumetundika picha mbili na bado unaonekana mtupu. Tununue picha, taa na kioo vya ukubwa gani?”

Mimi ni fundi wa fremu, na wateja wengi wanaokuja kwangu wana vipimo vya ukuta mkononi. Huwa nawarudisha nyumbani wakapime kochi. Picha iliyo juu ya kochi jicho huilinganisha kwanza na kochi lenyewe, ndiyo maana picha ileile inaweza kupendeza juu ya meza ndogo na kupotea kabisa juu ya kochi la watu watatu.

Tuseme ukuta una upana wa sentimita 420 na kimo cha 290, na kochi lina urefu wa 210. Picha, au kundi la picha, lichukue kati ya theluthi mbili na robo tatu za kochi, yaani sentimita 140 hadi 157 hivi. Ikipungua chini ya nusu ya kochi itaonekana kama imesahaulika pale. Ikilipita kochi, kochi ndilo litakaloonekana dogo.

Si lazima iwe picha moja kubwa, ambayo huwa ghali. Mbao alizochorea mchoraji Edward Saidi Tingatinga mwenyewe zilikuwa na kama sentimita 60 kila upande, na hadi leo picha nyingi za mtindo wake huuzwa kwa vipimo vidogo. Picha tatu zenye upana wa 45 na kimo cha 60, zikiachana sentimita 6, zinafikisha 147. Hapo umeshapata. Nafasi kati yao ndiyo inayoamua: zikiachana 20 au 30 zinaacha kuwa kundi, na ukuta unarudi kuwa mtupu wenye vidoa vitatu. Nadhani hilo ndilo lililozipata picha zenu mbili.

Ukinunua picha ya turubai iliyokunjwa, uliza mchoraji ameacha ukingo kiasi gani. Ikivutwa kwenye mbao, kila upande hupoteza sentimita 4 au 5 zinazozunguka nyuma, na kama hakuacha ukingo, ni mchoro wenyewe unaokatika: mkia wa chui au mguu wa twiga. Fremu nayo huongeza. Kwa hiyo vipimo ninavyovitaja ni vya nje ya fremu.

Kabla ya kutoa hela, chukua kanga. Jani moja la kanga lina upana wa takriban sentimita 150 na kimo cha 110 hivi, karibu sawa kabisa na picha anayoihitaji mwenye kochi hili. Libandike kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, ukingo wa chini ukiwa sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa kochi. Likunje upunguze au uongeze jani la pili, kisha litazame ukiwa mlangoni na ukiwa umekaa upande wa pili. Liache siku mbili tatu. Wengi wanaogopa ukubwa huo siku ya kwanza, na wakilitoa ndipo wanapoona walikuwa wanataka kununua kitu kidogo mno. Msivutike kupandisha picha ili kuziba nafasi ya juu, kwani ikiachana mno na kochi itaelea peke yake.

Zinazobaki ni pembe mbili, na hizo ni kazi ya taa. Meza ndogo ya sentimita 50 kila upande wa kochi inafanya kundi zima kuwa 310 kati ya 420. Meza iwe na kimo kinachokaribiana na mkono wa kochi, kama 55, na taa yake iwe na kimo cha 60 hadi 65. Kipimo halisi ni jicho la aliyekaa: ukingo wa chini wa kofia ya taa uwe usawa wa jicho lake au chini yake kidogo. Ukiwa juu zaidi, balbu inampiga machoni. Taa ya sentimita 35 huonekana kubwa dukani kwa sababu imewekwa kwenye rafu.

Kioo nisingekiweka ukuta huo. Juu ya kochi kitarudisha televisheni na feni tu. Kiwe kwenye ukuta wa pembeni, mahali kinapoweza kuona dirisha, juu ya meza iliyo pana kukizidi. Cha kimo cha 80, weka katikati yake sentimita 150 kutoka sakafuni, ili mfupi na mrefu wote wajione uso. Kioo cha milimita 4 chenye sentimita 100 kwa 80 kina uzito wa kilo 8 bila fremu, hivyo msumari kwenye plasta hautoshi. Toboa mpaka kwenye tofali, utie skrubu mbili na plagi zake.