Kukata nywele za afro kwenye picha kwa GIMP: Foreground Select kwanza, Quick Mask baadaye

Anayetengeneza kadi za mahafali anajua mahali kazi inapogoma. Uso hautoi shida, mabega hayatoi shida. Nywele ndizo zinazomaliza mchana. Ukizikata kwa mkasi wa kawaida, mteja anaonekana amevaa kofia ya plastiki.

Mimi hutumia GIMP peke yake, bila kununua programu yoyote. Nitaeleza kwa picha moja: mpwa wangu amevaa joho jeusi, ana afro kubwa iliyoachwa wazi, amesimama mbele ya ukuta wa rangi ya krimu. Upande wa kulia, chini ya kiwiko, kuna ua wa michongoma wenye kivuli kizito. Picha ilipigwa kwa simu. Hizo sehemu mbili, afro juu ya ukuta na joho juu ya kivuli, hazihitaji dawa moja. Hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka kusema: usiiachie zana moja picha nzima.

Foreground Select iko kwenye Tools > Selection Tools. Kwanza unazungushia mtu mstari wa ovyo, ukiacha nafasi nje ya nywele, kisha unabonyeza Enter. Nje ya mstari panafunikwa na bluu iliyokolea, ndani bluu hafifu. Hiyo bluu hafifu maana yake ni "sijui bado". Kazi yako ni kuipunguza. Ukiwa kwenye Draw foreground, pitisha brashi katikati ya kichwa, uso, shingo na joho, hadi karibu na ukingo lakini usiuguse. Baadaye hamia Draw background na upake vipande vya ukuta ulio wazi, vile ambavyo hakuna unywele hata mmoja uliofika.

Kinachobaki ni ukanda mwembamba wa bluu hafifu kuzunguka mtu: mpana kwenye afro, kwa sababu pale nywele na ukuta vimechanganyika kweli, na mwembamba sana kwenye bega. Wengi hupaka mistari miwili mitatu kifuani halafu wanategemea mashine ikisie yaliyobaki. Programu inalinganisha rangi za ulikopaka na rangi za ukanda usiojulikana, kisha inakadiria kila pikseli ina kiasi gani cha mtu na kiasi gani cha ukuta. Ukiiachia eneo kubwa, inachelewa na inakosea. Ukiiachia ukanda tu, inafanya kazi vizuri ajabu.

Kwenye Engine, mimi huchagua Matting Levin kwa nywele. Ni nzito: picha ya pikseli 4000 kwa 3000 kwenye kompyuta yenye RAM kidogo inaweza kukuacha ukitazama mshale unazunguka. Kama kadi ni ndogo, punguza picha mapema kwa Image > Scale Image, ila fanya hivyo kwenye nakala, siyo kwenye picha halisi.

Kabla ya kukubali, weka tiki kwenye Preview mask, na Preview Mode iwe Grayscale. Nyeupe ndiyo itakayobaki, nyeusi itaondoka, kijivu ni nusu. Kwenye afro unataka kuona kijivu chenye nyuzinyuzi. Ukiona weupe mtupu wenye ukingo mkali, ukanda wako ulikuwa mwembamba mno. Toa tiki, chagua Draw unknown, upanue pale. Usichukue zana nyingine wakati huu, maana bado hujapata uchaguzi wowote. Bonyeza Enter kwanza.

Sasa bonyeza Shift+Q. Hiyo ni Quick Mask: kila kisichochaguliwa kinafunikwa na wekundu unaopenya. Hapa uchaguzi umegeuka kuwa kitu cha kupaka. Brashi nyeupe inaongeza, nyeusi inaondoa, na herufi X inabadilishana rangi hizo mbili. Kama mtu wako amevaa nyekundu hutaona kitu. Bofya kulia kile kitufe kidogo cha pembeni chini kushoto mwa dirisha, ubadilishe rangi ya funiko.

Kwenye picha yetu afro imetoka safi, lakini kiwiko kimeliwa. Joho jeusi na kivuli cha michongoma ni karibu rangi moja, na hakuna hesabu ya rangi itakayovitenganisha. Jicho lako linajua mkono unaishia wapi kwa sababu linajua mkono ni nini. Basi chukua brashi yenye Hardness ya juu, bofya mwanzo wa mkunjo, shikilia Shift, bofya mwisho wake: unapata mstari ulionyooka. Endelea vipande vipande hadi mkono ukamilike. Tazama pia kifuani; madoa mekundu hafifu ndani ya joho ni matundu, yajaze kwa nyeupe.

Kwenye nywele, brashi ya kawaida ni hatari, inafuta nyuzi zote kwa mkupuo. Badilisha Mode ya brashi iwe Overlay, shusha Opacity hadi kama 30. Ukipaka nyeupe, kijivu cha nywele kinakuwa cheupe zaidi, lakini nyeusi tupu ya ukuta haiguswi. Ukipaka nyeusi, kijivu kinafifia huku weupe kamili ukibaki salama. Nenda polepole, ukivuta karibu kwa Ctrl na gurudumu la kipanya.

Ukiridhika, Shift+Q tena. Usifute mandhari ya nyuma. Bofya kulia leya, chagua Add Layer Mask, kisha Selection. Hivyo chochote ulichoficha bado kipo, na kesho ukiona sikio limekatika unaipaka maski weupe pale, linarudi.

Ondoa uchaguzi kwa Select > None, kisha weka leya mpya chini, ijaze bluu iliyokolea. Hapo ndipo aibu inapojitokeza: kuzunguka afro kuna mwanga wa krimu, kama mtu ametoka kwenye unga. Wengi wakiuona hurudi kwenye maski na kuibana kwa Select > Shrink au kwa brashi nyeusi, na nywele zote nzuri zinapotea. Maski haina kosa. Pikseli ya ukingoni ilipigwa ikiwa na nywele na ukuta ndani yake. Maski inaifanya ipenye, lakini haiondoi krimu iliyomo.

Kwa hiyo tibu rangi. Bofya kijipicha cha leya yenyewe, siyo cha maski. Kwa Color Picker chukua weusi wa nywele karibu na ukingo, kisha chukua brashi laini yenye Mode ya Darken only na uzungushe ukingoni mwa afro. Kilicho cheusi tayari hakibadiliki, krimu inageuka kuwa rangi ya nywele, na kupenya kunabaki vilevile. Angalia usipite kwenye paji la uso. Njia hii inafaa nywele nyeusi kwenye ukuta mweupe. Kwa mvi zilizopigwa mbele ya giza tumia Lighten only na rangi ya mvi.

Hifadhi .xcf kwa File > Save, ili maski ibaki. Ya kupeleka kwenye Scribus au Inkscape itoe kwa File > Export As kama PNG, baada ya kuizima ile leya ya bluu. JPEG haihifadhi uwazi; ukiitumia, mtu wako atarudi na ukuta mwingine nyuma yake.